Daftari lililomaliza ubishi wa watoto

Mhariri,

Siku ya matone ya polio kijijini kwetu, wachanjaji walipaka wino vidole vya watoto 53 walio chini ya miaka mitano. Orodha ya mwenyekiti, iliyoandikwa miezi minne kabla, ilikuwa na watoto 47. Akasema hadharani kwamba sita wamebuniwa ili dozi zionekane zimetumika. Mchanjaji mmoja nusura alie.

Mhudumu wa afya wa kijiji hakubishana. Alifungua daftari lake lililochakaa pembe, akaanza kusoma kaya moja moja. Kila mtoto ana mstari wake: jina, jina la mama, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuingia au kuhama. Tangu orodha ile iandikwe, wanne walikuwa wamezaliwa na watatu wamekuja na mama zao. Mmoja alishatimiza miaka mitano, akatolewa. 47 ongeza 7, toa 1: 53.

Mwenyekiti akauliza kuhusu mtoto mmoja mwenye majina mawili, la nyumbani na la kadi ya kliniki. Yote mawili yalikuwa kwenye mstari mmoja, maana mhudumu huyu hukagua kadi kabla ya kuandika.

Hupita kila kaya kila mwezi. Akiruka miezi miwili tu, waliohama hubaki wakihesabiwa na wachanga hawaonekani. Nauliza wahusika: mbona daftari jipya hununua kwa pesa yake mwenyewe?

Msomaji wako