Kwa vijana mnaolipwa kwa bahasha

Wanangu mliofika Marekani karibuni, wa grini kadi na wa ukimbizi, shikamooni zenu nimezipokea.

Juzi mmoja wenu alinionyesha bahasha yake ya wiki: dola 500, noti tupu, bila hata kipande cha karatasi. Wiki 20 anaosha vyombo mahali hapo na hakuna aliyewahi kumuuliza namba ya soshal, yaani Social Security, ile inayofuatilia mapato na kodi yako. Anacheka: "Mzee, hawa hawanikati kodi!" Mimi sikucheka.

Namba yenyewe ni bure, kwa hiyo anayewaomba pesa ili awapatie ni tapeli. Aliyejaza fomu DS-260 ya viza ya uhamiaji na kukubali kupewa namba, kadi humfuata kwa posta. Wiki tatu zikipita kimya, nenda ofisi ya soshal na pasipoti yako. Mkimbizi aende na I-94 yake, ile hati ya kuingia nchini, ajaze fomu SS-5 ya kuomba namba. Wengi hukwama kwenye anwani: umefikia kwa binamu, jina lako haliko kwenye sanduku lake la barua, kisha unahama. Bandika jina lako pale siku hiyohiyo.

Kama una ruhusa ya kufanya kazi, huna haja ya kukaa nyumbani ukisubiri kadi. Mwambie mwajiri umeshaomba, umpe namba ikifika. Ila usiazime ya ndugu. Ni kosa la jinai, na jasho lako litaandikwa kwenye kumbukumbu zake yeye.

Sasa huyu bosi asiyeuliza. Ukiajiriwa hapa, mwanzoni kabisa unajazishwa I-9 ya ruhusa ya kazi na W-4 ya kodi, na kwenye W-4 ndipo namba inapoandikwa. Hukuona hata moja? Huenda bosi amesahau, maana biashara ndogo zina vurugu zake. Usimfokee. Chapisha W-4 kutoka irs.gov, tovuti ya IRS, mamlaka ya kodi, ijaze, mpe mkononi, kisha mwandikie ujumbe mfupi: "Leo nimekupa W-4 yenye namba yangu. Naomba malipo yajayo yaje na karatasi ya makato." Namba yenyewe usiiweke kwenye ujumbe. Bosi msahaulifu atarekebisha. Akianza kusema "tutaona", au akakuletea W-9 badala ya W-4, elewa kwamba anakuhesabu fundi wa kujitegemea, ingawa yeye ndiye anayekupangia saa, anakupa vifaa na kukuamuru cha kufanya.

Tuichukue bahasha ya yule kijana. Wiki 20 ni dola 10,000. Angeajiriwa sawasawa, soshal na Medikea, bima ya afya ya wazee, zingemkata asilimia 7.65, yaani dola 765, na bosi angetoa nyingine 765 kutoka mfukoni mwake. Akihesabiwa amejiajiri, anabeba pande zote mbili peke yake: karibu dola 1,413. Kodi ya mapato ni hesabu nyingine. Kwa hiyo kile anachokiita kutokatwa ni deni, na sehemu yake ni mzigo wa bosi.

Asitangaze mapato hayo? Hapana, atangaze, lakini kwa njia yake. Kuna fomu SS-8, ya kuomba IRS iamue kama wewe ni mwajiriwa. Jibu huchukua miezi sita au zaidi, na tarehe ya kodi haisubiri. Basi ukijaza kodi yako ambatisha fomu 8919, weka herufi G kuonyesha kwamba umeshapeleka SS-8, ulipe ile 765 yako tu. Mapato hayo huingia kwenye kumbukumbu yako ya soshal. Jueni pia kwamba IRS ikipokea SS-8 humwandikia bosi kumuuliza upande wake. Wengine hungoja wapate kazi nyingine kwanza, na siwalaumu.

Yote hayo yanahitaji ushahidi. Kijana yule nilimnunulia daftari: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kiasi alichopewa, na bahasha kila moja apige picha. Mimi nilipoanza kubeba boksi nililipwa hivyohivyo karibu mwaka mzima, sikuandika kitu. Miaka baadaye nilifungua akaunti ya ssa.gov, tovuti ya soshal, nikakuta mwaka ule umeandikwa sifuri. Biashara ilishafungwa, sina hata karatasi moja.

Kwa hiyo kila mwaka, mkishapokea W-2, karatasi ya mapato na makato yenu ya mwaka, ambayo mwajiri anapaswa kuitoa kufikia Januari 31, ihifadhini, kisha baadaye mfungue akaunti hiyo mlinganishe. Tarakimu zikitofautiana, ombeni marekebisho kwa fomu SSA-7008. Muda wa kawaida wa kurekebisha ni miaka 3, miezi 3 na siku 15 baada ya mwaka wa mapato hayo kwisha.

Mzee wenu