Msiisingizie saruji, mwulizeni aliyeshika mpira wa maji

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kuandika hata mstari mmoja. Hata mlipochapisha picha ya Mlima Meru mkaandika chini yake kuwa ni Kilimanjaro, nilinyamaza. Ila ile habari ya slabu iliyopasuka ikabidi ibomolewe imenishinda. Mwandishi wenu alimhoji mwenye nyumba, akamhoji jirani, akamhoji na muuza vifaa, wote wakakubaliana kwamba saruji ilikuwa feki. Sasa itazame tena picha yenu wenyewe: nyuma ya mwenye nyumba kuna mpira wa maji umetumbukizwa kwenye mikseta, na hakuna anayeushika wala kuuangalia. Habari ilikuwa pale.

Mimi nimestaafu kutoka maabara ya kupima vifaa vya ujenzi. Kazi yangu ilikuwa kuvunja vipande vya zege vya milimita 150 kila upande kwenye mashine, vikifikisha siku 28, na kuandika vilikubali mzigo kiasi gani. Saruji mbovu ipo, sikatai. Lakini vipande vingi vilivyokuwa vikisagika mapema vilikuwa na saruji nzuri kabisa, ila iliyozamishwa.

Masika haya mpwa wangu alikuwa anamwaga nguzo za nyumba yake huku Sakina, nikaenda kumtembelea. Kipimo kilikuwa 1:2:4, yaani mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, mchanga mara mbili yake, kokoto mara nne. Hapo hawakukosea, walipima kwa boksi na kibarua alikuwa anahesabu kwa sauti. Maji peke yake ndiyo hayakuwa na mwenyewe. Kwa kila mfuko ziliingia ndoo mbili zilizojaa, lita 40. Tena mchanga ulikuwa umelala nje ukinyeshewa. Mchanga wa namna hiyo hubeba maji kama asilimia 5 ya uzito wake, na kwa mfuko mmoja hapo panahitajika kilo mia na ushee za mchanga, kwa hiyo lita 5 nyingine ziliingia bila kualikwa. Jumla lita 45 kwa kilo 50 za saruji. Gawanya upate 0.9.

Nikamwambia fundi, kijana wangu, hayo maji ni mengi mno. Akanijibu kwa heshima zote: "Mzee, zege likiwa gumu halishuki kwenye nguzo. Na maji yatakauka tu."

Yatakauka tu! Mhariri, jibu hilo nimelisikia maisha yangu yote ya kazi, na ndilo lililobomoa slabu ya yule bwana mliyempiga picha. Zege haligandi kwa kukauka. Linaganda kwa sababu saruji inaungana na maji na kuwa kitu kipya, na ndiyo maana zege huganda hata likimwagwa chini ya maji. Kwa muungano huo saruji inatosheka na maji ya kama 0.4 ya uzito wake, yaani lita 20 kwa mfuko. Yanayozidi hapo ni ya kulainisha zege ili lifanyike kazi, na hayaungani na chochote. Kwa hiyo katika zile lita 45, lita 25 hazikuwa na kazi. Ni kweli zitakauka, lakini zikiondoka nafasi zilizokuwa zimeikalia inabaki tupu, ndani ya nguzo, vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho vimeungana toka upande mmoja hadi mwingine. Mfuko mmoja kwa kipimo kile hutoa zege la lita 170 na kidogo. Piga hesabu mwenyewe uone ni sehemu gani ya nguzo ile itakuwa hewa. Mmarekani mmoja, Duff Abrams, alilichapisha jambo hili huko Chicago mwaka 1918 baada ya kuvunja vipande vingi kuliko nilivyovunja mimi: kwa vifaa vilevile, kinachoamua nguvu ya zege ni uwiano wa maji kwa saruji. Zege la 0.8 hubaki na nusu ya nguvu ya zege la 0.5, mara nyingi hata nusu haifiki. La 0.9 nisiseme.

Na nguvu ni nusu tu ya hasara. Zege lenye uwiano wa 0.5 likimwagiliwa vizuri, vile vitundu hujifunga vyenyewe katika muda wa wiki mbili hivi, saruji inapoendelea kukua ndani yake. Kwa 0.6 huchukua miezi sita. Kwa 0.7 mwaka mzima. Ukivuka 0.7 havifungiki kamwe, umwagilie usimwagilie. Hewa na unyevu vinapita humo hadi kwenye nondo, ule ulinzi ambao zege huipa nondo unaisha, kutu inaanza, na kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa. Baada ya miaka utaona ufa ulionyooka ukiifuata nondo, pembeni pana doa la rangi ya kahawia. Kwenye slabu hata huhitaji kusubiri miaka. Maji ya ziada hupanda juu na kuacha ngozi dhaifu. Kwaruza kwa msumari, ikitoka vumbi jeupe, umeshajua. Kwenye nguzo hupanda vilevile, na sehemu ya juu, palepale inapokutana na boriti, ndiyo inayobaki dhaifu kuliko zote.

Fundi hakuwa mjinga, niseme ukweli. Nguzo ya milimita 230 iliyojaa nondo na ringi hailipokei zege kavu. Litaacha matundu makubwa na nondo zitabaki wazi. Lakini ulaini hautafutwi kwa maji peke yake. Kuna vaibreta, kuna kokoto ndogo, kuna dawa ya kulainisha zege, na ukikosa vyote, ongeza saruji pamoja na maji ili uwiano ubaki palepale.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba huku kwetu maji ya bomba yanapotea wiki nzima, tunanunua ya boza kwa bei ya mwenye boza, tunaogea kikombe, na bili inakuja vilevile. Ila kwenye mikseta maji hayajawahi kukatika. Na kesho yake, siku ambayo ile nguzo inayahitaji kweli, inatakiwa ifunikwe magunia na kumwagiliwa siku saba au zaidi, hapo unaambiwa hakuna maji na fundi yuko saiti nyingine.

Pendekezo langu ni hili. Kila anayechukua kibali cha ujenzi akabidhiwe pamoja nacho ndoo mbili, kila moja imetobolewa ubavuni kwenye alama ya lita 12 na nusu. Ndoo mbili kwa mfuko, lita 25, uwiano 0.5, anayetaka kuzidisha yatamwagikia miguuni. Za masika, mchanga ukiwa umelowa, zitobolewe kwenye lita 10. Na mpira wa maji ukae kwenye buti la gari la mwenye nyumba, limefungwa.

Mstaafu,
Sakina, Arusha