Dikoda ya 3 kwa 8 na mageti ya OR: kujenga saketi ya kutoa kwa chipu mbili

Kati ya saketi tunazoletewa na wateja tuzikague, kuna tatizo linalojirudia. Dikoda imefungwa, mageti ya OR yamefungwa, umeme unafika, lakini taa ya tokeo inawaka muda wote. Mteja anabonyeza swichi zote anavyojua, taa haizimi. Mara nyingi chipu ni nzima kabisa. Kasoro iko kwenye aina ya dikoda aliyonunua, na tutaieleza baada ya kujenga saketi moja inayofanya kazi.

Dikoda ya 3 kwa 8 ina maingizo matatu na matokeo manane, Y0 hadi Y7. Inasoma maingizo kama namba ya baineri, kisha inawasha tokeo lenye namba hiyo peke yake. Ukiipa 101, Y5 inawaka na mengine saba yanabaki sifuri. Maana yake ni kwamba kila tokeo linasimamia mstari mmoja wa jedwali la ukweli, yaani mintemu moja. Kwa hiyo fomula ya biti tatu haihitaji kurahisishwa kwa ramani ya Karnaugh. Tazama mistari ambayo jibu lake ni 1, chukua matokeo yenye namba hizo, yaunganishe kwenye geti la OR, basi.

Tuchukue saketi ya kutoa biti moja. X ni namba inayopunguzwa, yaani ile ya juu, Y ni ile inayoondolewa, na Z ni mkopo uliodaiwa na safu ya kulia. Tunataka majibu mawili: D, ambayo ni tofauti, na K, ambayo inasema kama nasi tumelazimika kukopa safu ya kushoto. X ndiyo biti kubwa.

```
Na.  X Y Z   D K
0    0 0 0   0 0
1    0 0 1   1 1
2    0 1 0   1 1
3    0 1 1   0 1
4    1 0 0   1 0
5    1 0 1   0 0
6    1 1 0   0 0
7    1 1 1   1 1
```

Tusome mstari wa 3 pamoja. X ni 0, na tunatakiwa kuondoa 1 ya Y na 1 nyingine ya Z. Hatuna kitu, kwa hiyo tunakopa, na mkopo mmoja una thamani ya 2. Toa 1, toa 1, inabaki 0. Ndiyo maana D ni 0 na K ni 1. Mistari mingine inapatikana kwa njia hiyohiyo, na ni vizuri uipitie mwenyewe kabla ya kushika waya, kwa sababu kosa la jedwali huwezi kulitafuta kwa multimita.

```
D = Y1 + Y2 + Y4 + Y7
K = Y1 + Y2 + Y3 + Y7
```

Ukiyatazama majibu hayo mawili, utaona Y1, Y2 na Y7 zimo kote. Hakuna haja ya kuzijumlisha mara mbili. Chipu ya 74HC4075 ina mageti matatu ya OR, kila moja lenye maingizo matatu, na inatosha kazi yote:

```
P = Y1 + Y2 + Y7
D = P + Y4
K = P + Y3
```

Mageti ya D na K yanabaki na ingizo moja kila moja lisilo na kazi. Hayo yafunge kwenye graundi. Ukiyafunga kwenye volti 5, tokeo litakuwa 1 daima. Ukiyaacha yananing'inia, taa inaweza kubadilika hata kwa kusogeza mkono karibu na waya, kwa sababu maingizo ya familia ya HC hayavuti karibu mkondo wowote na hunasa chochote kinachopita. Matokeo ya dikoda usiyoyatumia, yaani Y0, Y5 na Y6, ni kinyume chake: hayo yaache wazi, usiyafunge popote.

Kwa dikoda tunatumia 74HC238. Pini ya 16 inapata volti 5 na pini ya 8 graundi. Pini za 4 na 5 za kuruhusu kazi zinakwenda graundi, na pini ya 6 inakwenda volti 5. Ukisahau moja kati ya hizo tatu, dikoda inaweza kulala, na D na K zitabaki sifuri kwa kila swichi. Weka kapasita ya nanofaradi 100 karibu na pini za umeme za kila chipu.

Sasa turudi kwenye taa isiyozimika. Chipu inayopatikana zaidi ni 74HC138, ambayo mpangilio wake wa pini ni uleule wa 238, lakini matokeo yake yamegeuzwa: tokeo lililochaguliwa linashuka kuwa 0 na mengine saba yanakaa kwenye 1. Yapeleke matokeo matatu kama hayo kwenye geti la OR, na wakati wowote angalau mawili yatakuwa 1. Geti halina namna ya kutoa sifuri. Kuthibitisha, gusa Y0 hadi Y7 kwa multimita bila kubadilisha swichi: ukiona saba ziko juu na moja chini, unayo 138. Huna haja ya kuitupa. Badilisha mageti: 74HC20 ina mageti mawili ya NAND yenye maingizo manne, moja kwa D na jingine kwa K, na NAND inatoa 1 pale ingizo lolote linaposhuka kuwa 0. Bado ni chipu mbili.

Kosa la pili hujificha zaidi. Kwenye chipu, pini ya 1 ndiyo biti ndogo na pini ya 3 ndiyo kubwa, ilhali kwenye karatasi tunaandika X kwanza. Wengi huifunga X kwenye pini ya 1. Hapo D itatoka sahihi kwenye mistari yote minane, kwa sababu D haijali mpangilio wa biti, inajali idadi ya 1 tu. K ndiyo itakayokosea, na itakosea kwenye mistari ya 1, 3, 4 na 6 pekee. Ukiona picha hiyo, usiguse mageti; badilishana waya za pini 1 na 3. Tunapendelea saketi ya kutoa kwa majaribio kwa sababu hiyo hasa. Saketi ya kujumlisha ingepita jaribio lote na waya zikiwa zimepishana, maana majibu yake yote mawili hayajali mpangilio.

Fomula ikiwa na mistari mingi ya 1, kwa mfano sita kati ya nane, unganisha ile miwili ya sifuri kwenye geti la NOR. Waya zinapungua na jibu ni lilelile. Ila tokeo la saketi hizi usilitumie kama saa ya flipflopu. Maingizo mawili yakibadilika kwa pamoja, dikoda inaweza kupita kwenye namba nyingine kwa nanosekunde chache, na flipflopu itauhesabu mruko huo.

Ukituagiza tukujengee saketi ya aina hii, tutumie jedwali la ukweli lililokamilika, utuandikie biti ipi ndiyo kubwa, na utaje kama dikoda uliyonayo ni 138 au 238.