Simu inapomeza silabi ya kwanza: ukalimani wa mbali kati ya Kihispania na Kiswahili

Wateja wanaotupigia kwa mara ya kwanza huulizia msamiati: je, mkalimani wenu anajua maneno ya forodha, ya mikataba, ya hospitali? Ni haki yao kuuliza. Ila kwenye simu, kosa tunaloliogopa zaidi halitokani na neno gumu. Linatokana na silabi moja ambayo haikufika.

Tuseme mnunuzi anayezungumza Kiswahili yuko ofisini kwake, simu iko mezani kwenye spika. Muuzaji anayezungumza Kihispania yuko mbali, na mkalimani yuko mahali pa tatu. Muuzaji anauliza kama gharama za kuhifadhi mzigo zitalipwa. Mnunuzi anajibu, "Hatutalipa." Mkalimani anasikia, "Tutalipa."

Hapo hakuna aliyezembea. Simu nyingi zikiwa kwenye spika hupunguza sauti ya upande mmoja wakati upande wa pili unaongea, ili kuzuia mwangwi. Programu za mikutano nazo huchuja kelele, na kichujio huhitaji muda kidogo kutambua kwamba sasa ni mtu anaongea, si feni. Akishatambuliwa, mwanzo wa neno umeshapita. Na ukanushi wa Kiswahili hukaa hapo hapo mwanzoni. Kihispania hakina nafuu: "No vamos a pagar", yaani "Hatutalipa", ikipoteza kichwa inabaki "Vamos a pagar", yaani "Tutalipa", sentensi timamu kabisa. Sauti ikikwaruza, mkalimani hushtuka na kuuliza; hapa hakuna cha kumshtua. Angalau "hatulipi" ikikatwa inabaki "tulipi", na sikio la Mswahili linakataa papo hapo. Wakati ujao hautoi onyo hilo.

Kwa hiyo, penye ahadi, fedha au dawa, mkalimani wetu huthibitisha hata kama anadhani amesikia. Husema, "Mkalimani anaomba kuthibitisha: mtalipa, au hamtalipa?" Hutaja njia zote mbili, kwa sababu ukimuuliza mtu "Hamtalipa, siyo?" au "Hamtalipa?", akijibu "ndiyo" bado hujui amekubali lipi. Kisha humweleza muuzaji kwa Kihispania kwamba anathibitisha jibu, asije akadhani wawili wanapanga jambo pembeni. Nawe unaweza kusaidia: usianze na neno lenye uzito. Sema, "Kwa upande wetu, hatutalipa." Kichujio kikimeza "kwa", hakuna hasara.

Tatizo la pili ni sauti kuchelewa. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili, na linachukulia 400 kuwa ukomo. Tuseme mtandao umelemewa na safari moja inachukua nusu sekunde. Umemaliza kuongea, sauti yako inafika baada ya nusu sekunde, na jibu, hata likitoka papo hapo, linachukua nusu nyingine kurudi. Sekunde nzima ya kimya ni ndefu mno kwa mazungumzo ya kawaida. Unadhani hukusikika, unarudia, na hapo ndipo jibu linakufikia juu ya sauti yako. Wote mnanyamaza kwa adabu. Halafu wote mnaanza tena.

Dawa yake si kuongea kwa nguvu. Mwanzoni mwa kikao mkalimani hueleza utaratibu kwa lugha zote mbili: ongea sentensi mbili au tatu, kisha tamka "nimemaliza". Baada ya hapo hesabu kimoyomoyo hadi tatu kabla ya kuongeza chochote. Mkigongana, mkalimani ndiye anayemtaja wa kuanza, na mwingine anasubiri bila kuombana radhi, maana radhi nazo hugongana.

Tunaomba pia msiitikie. Najua, inakera kumsikiliza mtu bila "ehee" wala "naam", na Wahispania nao wana "sí, sí, claro" yao. Lakini kwenye spika kila "ehee" inaweza kukata sauti ya anayeongea, na "sí" ya kuonyesha unasikiliza inaweza kuchukuliwa kuwa umekubali bei. Kwenye video, tikisa kichwa tu.

Kuhusu vifaa, hedifoni za waya zenye maiki huondoa sehemu kubwa ya shida hizi. Zile za Bluetooth huongeza ucheleweshaji. Intaneti ikiyumba, zimeni kamera zote kwanza. Sauti inahitaji njia ndogo sana kuliko picha.

Kwenye namba, hatuliamini sikio peke yake. "Sitini" na "tisini" hufanana kwenye simu mbovu, kama "sesenta" na "setenta", yaani 60 na 70. Mkalimani husoma tarakimu moja moja, na penye sehemu ya kuandika ujumbe huziandika ili pande zote mbili zione.

Mkalimani akilazimika kuomba kurudiwa karibu kila zamu, atasimamisha kikao na kuwaeleza wote sababu. Tutajaribu laini ya kawaida ya simu. Ikishindikana, tutapanga muda mwingine. Ukiweka miadi, tutumie mapema majina, namba za hati na kiasi kitakachojadiliwa, na uingie dakika 5 kabla, ukiwa na kifaa kile kile na kwenye chumba kile kile utakachotumia.