Kreatinini Iko Sawa, Je, Figo Nazo? Kwa Nini Tunapima SDMA kwa Paka Mzee

Mteja akipewa majibu ya damu ya paka au mbwa wake, kwenye upande wa figo macho hukimbilia mstari mmoja, ule ulioandikwa CREA. Namba ikiwa ndani ya mipaka, anashusha pumzi. Kwa mnyama kijana mwenye mwili wake, mara nyingi ana haki ya kutulia. Kwa paka mzee aliyekonda, hapo kliniki tunaomba tuendelee kutazama.

Kreatinini hutoka kwenye misuli, na figo ndizo huichuja na kuitoa kwa mkojo. Basi kiasi kinachoonekana kwenye damu kinategemea mambo mawili: misuli inatoa kiasi gani, na figo zinaondoa kiasi gani. Paka aliyepungukiwa na misuli anatoa kidogo. Figo zake zikianza kushindwa, kile kidogo kinajikusanya polepole, na namba inatoka nzuri ilhali ugonjwa upo. Hata kwa mnyama asiyekonda, kreatinini kwa kawaida huvuka mpaka wa maabara baada ya takriban asilimia 75 ya uwezo wa figo kwisha.

SDMA, kwa kirefu dimethilarginini linganifu, ina chanzo kingine. Chembe za mwili mzima huiachia kwenye damu zinapovunja protini, na karibu yote hutolewa na figo. Kukonda hakuipunguzi. Kwa wastani hupanda uwezo wa figo ukiwa umepungua kama asilimia 40. Katika utafiti mmoja wa paka uliochapishwa mwaka 2014, SDMA ilitangulia kreatinini kwa wastani wa miezi 17, ingawa kwa paka mmoja mmoja muda huo ulitofautiana sana.

Chukua mfano wa paka jike wa miaka 13 kutoka Kibokoni, aliyeshuka kutoka kilo 4.6 hadi 3.5. Anakula, ila bakuli la maji linaisha upesi na mchanga wa choo chake unalowa kuliko zamani. CREA ni 1.5 mg/dL, na mpaka wa juu kwenye karatasi ni 2.4. SDMA ni 19 µg/dL, na mpaka ni 14. Mama mwenye paka anauliza, "Sasa daktari, tuamini ipi?"

Jibu ni kwamba bado hatujaamini hata moja. Kwanza tunapima mkojo, na ikibidi tunauchukua kwa sindano moja kwa moja kutoka kibofuni. Uzito wa mkojo wake ukilinganishwa na wa maji ni 1.018. Paka mwenye figo nzima kwa kawaida hukaza mkojo ukapita 1.035, kwa hiyo huu ni mwepesi mno. Baada ya wiki mbili tunarudia damu: SDMA 20, CREA 1.5 vilevile. Sasa ndiyo tunasema. Kwa viwango vya IRIS, jopo la kimataifa la wataalamu wa figo za wanyama, kreatinini peke yake ingemweka daraja la 1 la ugonjwa wa figo, lakini SDMA inayobaki kuanzia 18 kwenda juu inampeleka daraja la 2, na tunamtibu hivyo. Tunampima presha, protini kwenye mkojo na fosforasi, halafu tunapanga chakula chake. Kwa kuwa amekonda, tunapima pia homoni ya tezi ya shingo, kwani ikizidi hula misuli na kuficha kreatinini zaidi.

Kurudia kipimo si kuongeza bili. Mnyama aliyeishiwa maji, tuseme ametapika siku mbili katika joto la Februari, hupandisha SDMA na kreatinini pamoja hata figo zikiwa nzima. Ishara yake ni mkojo mzito. Huyo tunamrudishia maji kwanza, ndipo tunapima upya. Na SDMA ya 15 au 16 iliyoonekana mara moja tu, mnyama akiwa hana dalili, haitoshi kumwita mgonjwa. Hata SDMA yenyewe hupanda na kushuka kidogo kati ya kipimo na kipimo.

Kwa mbwa mambo huweza kugeuka. Mbwa mkubwa mwenye misuli iliyojaa anaweza kuwa na kreatinini ya 1.7 kila mwaka, SDMA yake ikiwa 10 na mkojo mzito. Huyo hatumwanzishii chakula cha figo. Kinachotushtua ni mbwa mdogo aliyezoea 0.8 na sasa ana 1.2: bado yumo ndani ya mipaka, lakini amepanda kwa nusu nzima.

Kwa hiyo mkija, leteni karatasi zote za zamani, hata zilizopimwa kliniki nyingine. Kama mnyama anatumia dawa yoyote ya maumivu, tuambieni kabla ya kutoa damu, maana baadhi yake huumiza figo. Na paka msimpe panado kamwe, inaua.