YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUFUNGIWA APLIKESHENI NA KUITWA TAPELI KAUNTANI KWENU

Sabasaba, Dodoma
15 Julai 2025

Kwa Meneja wa Tawi,
nakala kwa Mkuu wa Huduma za Kidijitali, Makao Makuu.

Ndugu Meneja,

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu wa miaka 11 na ni fundi simu. Sera zenu mnazijua, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja kwenye kilichotokea.

Jumanne tarehe 8 Julai asubuhi, baada ya aplikesheni yenu kujiapdeti usiku wa sikukuu ya Sabasaba, nilipotaka kuingia niliandikiwa: "Kifaa chako hakikidhi vigezo vya usalama." Nikabonyeza "Sawa", ikajifunga. Hakukuwa na kigezo kilichotajwa wala namba ya kupiga. Muuzaji wangu wa Kariakoo alikuwa ameshafunga mzigo wa skrini na betri wa shilingi 1,380,000 akisubiri pesa ili auwahishe basi la usiku. Menyu yenu ya nyota ikaniruhusu 1,000,000 tu kwa siku hiyo, zilizobaki nikazitoa kwa wakala na kukatwa ada mara mbili, ya kutoa na ya kutuma. Basi likaondoka bila mzigo.

Hilo ningelimeza. Ambalo halimezeki ni la Jumatano.

Jumatano nilipanga foleni tangu saa tatu. Nilipofika kauntani, binti wenu akaichukua simu yangu, akaiangalia, akauliza kazi yangu. Nikamwambia. Akaiinua juu simu ili mwenzake wa kaunta ya pili aione, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: "Simu imechakachuliwa hii. Ndio hawa wa ile hela tuma kwenye namba hii." Watu wakacheka. Sijawahi kumwibia mtu hata kava la simu.

Sasa nieleze simu yangu, kwa sababu inaonekana hakuna aliyejisumbua kuuliza.

Simu hii haijarutiwa, yaani sijajipa mamlaka ya kuingilia kiini cha mfumo wake. Mtengenezaji wake aliitelekeza ikiwa na Android 11, na kiraka cha mwisho cha usalama alichoitumia ni cha Agosti 2022. Kwa vile nafanya miamala humo, nikaona si busara kubaki na mfumo wenye matundu ya miaka mitatu. Nikafungua butloda, yaani mlango wa kuwashia simu, nikaweka mfumo uitwao LineageOS wenye Android 15 na kiraka cha Juni mwaka huu. Imefungwa kwa namba ya siri na kumbukumbu yake imesimbwa. Aplikesheni yenu ilifanya kazi humo bila tatizo.

Mlichobadilisha nakijua. Aplikesheni inaiomba huduma ya Google iitwayo Play Integrity itoe hukumu juu ya simu, na hukumu hiyo ndiyo inayokwenda kwenye seva zenu. Simu yangu inapata `MEETS_BASIC_INTEGRITY`, daraja la chini, na kuishia hapo. Ninyi mnataka `MEETS_DEVICE_INTEGRITY`, ambayo haitolewi kwa simu yenye butloda iliyo wazi hata kama hakuna ruti ndani yake. Jibu hilo halisomwi kwenye mafaili ya mfumo. Kwenye simu za Android 13 na kuendelea linatokana na cheti kinachotiwa saini na chipu ya simu yenyewe, na chipu inasema ukweli: butloda iko wazi. Sikatai kwamba kuna hatari hapo. Mtu akiniibia simu anaweza kuingiza mfumo wake. Lakini Google kazi yao ni kutoa hukumu tu. Adhabu mmeipanga ninyi, na hata maelekezo yao kwa watengenezaji yanasema kipimo hiki kisitegemewe peke yake. Mngeweza kunipunguzia kiwango cha kutuma, au kunidai uthibitisho wa pili kila muamala. Mkachagua kufunga mlango kabisa.

Na mmefunga usio wenyewe. Jumanne hiyo hiyo jioni, mteja wangu mmoja alikuja kubadilisha chaji ya simu yenye Android 8 ambayo haijapata kiraka tangu 2019. Nilipomaliza, akafungua aplikesheni yenu mbele yangu na kulipia hapo hapo. Ilimpokea bila swali, kwa sababu butloda yake haijawahi kuguswa. Kwa hiyo kipimo chenu hakiulizi kama simu ina matundu. Kinauliza kama mfumo ni ule ule uliotoka kiwandani, hata kama umeoza. Nikirudisha Android 11 yangu ya 2022 na kufunga butloda, mtanipokea kwa mikono miwili. Nikifunga butloda huku LineageOS ikiwa ndani, simu ya aina hii inaweza isiwake tena. Na akaunti hiyo hiyo naifungua kwenye kitochi cha mama yangu kule Kongwa kwa kuweka laini yangu na kubonyeza nyota na namba nne za siri. Kitochi hakiulizwi kitu!

Kuna jambo jingine ambalo watu wenu wa makao makuu wanapaswa kulijua kama hawalijui. Tangu apdeti hiyo, vijana watano wameniletea simu wakitaka niwafiche. Njia ipo: unairuti simu kwa programu iitwayo Magisk, unaweka moduli, unatafuta funguo za cheti zilizovuja kutoka simu nyingine, na simu inajibu kana kwamba imetoka dukani leo. Inadumu mpaka Google wazigundue funguo hizo na kuzifuta, kisha unatafuta nyingine. Nimewakataa wote watano. Kwa hiyo mimi ambaye sijaruti mmenifungia, na atakayeruti ili awadanganye ataingia. Ningetaka kuwa tapeli, Ndugu Meneja, leo nisingekuwa naandika barua, ningekuwa ndani ya aplikesheni.

Tapeli. Narudi kwenye neno hilo kwa sababu hapo juu nimelipunguza makali, nikidhani hasira zimetulia.

Haikuishia kwenye kicheko. Nilimwambia binti yule kwa upole, nikimwita "dada", kwamba naomba malalamiko yangu yaandikwe na yapewe namba. Akajibu hawezi kuandika chochote mpaka nifute simu yote, ndio utaratibu. Nikamweleza kuwa kufuta simu hakugusi butloda, kwa hiyo hakutasaidia. Hapo ndipo akaiinua simu juu. Hakuiinua mwanzoni kama nilivyoandika, aliiinua nilipombishia. "Mnamwona? Anajua sana. Ndio hawa hawa wa ile hela tuma kwenye namba hii, wanajua kuliko benki." Mlinzi wenu akasogea na kusimama nyuma yangu. Kwenye foleni alikuwepo mzee mmoja wa Kigogo ambaye kila asubuhi hunipungia na kunisalimia "mbukwa" akipita kibandani. Aliangalia chini. Alikuwepo pia mama wa Nkuhungu ambaye simu yake ilikuwa kwangu ikisubiri skrini, ile ile iliyokosa basi.

Nikafuta. Nasema kwa aibu, mimi fundi, nilifuta simu yangu nikiwa nimesimama kauntani ili tu mlinzi asogee. Picha nilikuwa nazo kwingine. Daftari la madeni ya wateja, la tangu Machi, sikuwa nalo kwingine. Simu ikawaka upya, tukapakua aplikesheni yenu kwa bando langu, na ikaandika kile kile: kifaa hakikidhi vigezo. Binti akanirudishia simu na kusema, "Nunua simu nyingine, kaka." Akamwita anayefuata. Namba ya malalamiko sikupewa.

Jioni niliiunganisha simu na kompyuta nipate ushahidi, nao ni huu, baada ya kufuta kila kitu kama mlivyoagiza:

```
$ adb shell getprop ro.boot.verifiedbootstate
orange
$ adb shell su
/system/bin/sh: su: inaccessible or not found
```

Neno `orange` maana yake butloda iko wazi, kama ilivyokuwa kabla ya kufuta na kama itakavyokuwa nikifuta mara mia. Mstari wa mwisho unaonyesha kwamba simu haina ruti. Mtu wenu yeyote wa mifumo atausoma kwa sekunde mbili. Kwa nini aliyepo kauntani aagizwe kufutisha watu simu kwa tatizo ambalo kufuta hakuligusi, hilo mlijibu ninyi.

Alhamisi mama wa Nkuhungu alikuja kuchukua simu yake bila kutengenezwa. Hakusema sababu. Hakuwa na haja ya kusema.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba vitu viwili tu: mnipe namba ya malalamiko, na mnieleze kwa maandishi ni kigezo gani simu yangu imeshindwa. Naviomba bado. Lakini nimeisoma barua hii tangu juu na naona nilikuwa najipunja. Naomba pia ada za wakala nilizokatwa tarehe 8, na njia ya mimi kutumia akaunti yangu kwa kiwango kile kile nilichokuwa nacho, iwe kwa kunipandishia kiwango cha menyu ya nyota au kwa uthibitisho wa pili. Agizo la kuwafutisha wateja simu liondolewe kauntani.

Na radhi. Siitaki kwa simu wala kwa ujumbe mfupi. Nimeitwa tapeli mbele ya foleni, basi radhi iandikwe kwenye karatasi yenye nembo na muhuri wenu, nami nitaibandika kibandani kwangu mahali ambapo mama wa Nkuhungu ataisoma.

Mnazijua Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, na mnajua kwamba mteja aliyelalamika anastahili kupokelewa malalamiko yake, si kufukuzwa kwa kejeli. Nawapa siku 14 kuanzia leo, yaani hadi tarehe 29 Julai. Ikifika tarehe 30 sina jibu, barua hii pamoja na picha za skrini naipeleka kwa mkono Benki Kuu, ambao ofisi yao iko hapa hapa Dodoma na sihitaji basi kufika. Siku hiyo hiyo nitakuja tawini kufunga akaunti. Nitapanga foleni kama kawaida na nitaongea kwa sauti ile ile niliyoongeleshwa. Kamera ya juu ya kaunta ya tatu inafanya kazi, niliiona taa yake. Naomba picha za tarehe 9 Julai kati ya saa tatu na saa tano asubuhi zisifutwe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi simu, Sabasaba
(Jina, saini na namba ya akaunti vipo kwenye nakala iliyopokelewa masjala yenu.)