Barua ya wazi kwa wasimamizi wapya wa vyumba: acheni kutandika upya vitanda vya wenzenu

Kwa wanangu mnaosimamia usafi wa vyumba katika hoteli zetu za pwani, kuanzia Nungwi hadi Makunduchi, na hasa nyinyi mliopandishwa mwaka huu kutoka uhudumu wa vyumba.

Assalaam aleikum.

Ninaandika nikiwa nimeudhika, na sioni haja ya kulificha hilo. Katika hoteli moja ambayo sitaitaja, binti aliyekuwa mhudumu hodari kuliko wote alipewa usimamizi mwanzoni mwa Juni, na kabla Agosti haijamalizika akaomba arudishwe kwenye toroli lake. Katika miezi hiyo mitatu nilimwona mara kwa mara akiwa amepiga magoti kwenye mabafu ya vyumba ambavyo havikuwa vyake, akipangusa vioo na kuvuta shuka, huku waliokuwa chini yake wakimpita ushorobani na kumpa pole. Kila aliyemwona alimsifu kwa uchapakazi, wala hapakuwa na mtu aliyemwambia kwamba kazi aliyokabidhiwa ilikuwa imelala haifanywi.

Lawama ya kwanza ni ya sisi wakubwa. Tunampandisha mtu kwa kumshukuru, tunampa sare mpya na simu ya upepo, kisha tunamwacha ajifunze mwenyewe wakati msimu wa Julai na Agosti umeshaingia. Anafikiri ametakiwa kufanya kile alichokuwa akikifanya jana, kwa wingi zaidi, kwa kuwa ndicho kilichompa cheo.

Nawaomba mfanye hesabu pamoja nami. Chukua siku ambayo wahudumu wako sita wana vyumba ishirini na vinne vya wageni wanaoondoka. Wageni hao wanatakiwa kutoka saa nne asubuhi, na wapya wanapokewa saa nane mchana, kwa hiyo mna dakika 240. Ukaguzi wa makini wa chumba kimoja, ukianzia mlangoni, ukapita kitandani, bafuni na barazani, huchukua kama dakika sita, na vyumba vyote ishirini na vinne vitakula dakika 144. Zinabaki dakika 96 za kutembea baina ya majengo, kufuatilia shuka kwa dobi, kwenda stoo na kujibu simu za mapokezi. Sasa tuseme nusu ya vyumba hivyo vina kasoro, nawe unaamua kuzirekebisha kwa mikono yako, dakika kumi na mbili kila chumba. Hizo ni dakika 144 nyingine, na jumla yako imefika 288. Hata hapo nimekupendelea, kwani saa nne hakuna chumba kilicho tayari kukaguliwa. Ndiyo maana saa nane wageni wanakaa na mizigo yao mapokezi, meneja anapiga simu, na wewe uko bafuni na kitambaa mkononi.

Muda huo si hasara kubwa kuliko zote. Mhudumu aliyeacha nywele kwenye mfereji wa bafu hajui kwamba aliziacha, kwa sababu uliziondoa yeye hayupo. Kesho ataziacha tena, na akija kujua kwamba wewe huzipitia, atakuachia kwa makusudi. Wale wazuri nao wanaona kwamba kazi safi na kazi chafu zinapokewa kwa salamu ile ile, na mmoja baada ya mwingine wanaanza kulegea.

Kwa nini basi binti yule hakumwita mhudumu wa chumba arudi kurekebisha? Nilimuuliza, akanijibu kwamba ni muhali. Mmoja ni jirani ya mama yake, mwingine ndiye aliyemfundisha kutandika alipoanza kazi, wa tatu walisoma skuli moja. Wanangu, muhali huu ndio unaokula wasimamizi wa visiwa hivi kuliko uchache wa wafanyakazi. Tumelelewa kumwonea haya mtu aliyetuzidi umri, na hilo ni jema kabisa, lakini tumelifanya kuwa sababu ya kumficha mtu kosa lake, kisha tunamsema jioni kwenye daladala mbele ya abiria wengine. Huko kumsema nyuma hatukuoni kuwa ni utovu wa adabu. Kumwambia mtu uso kwa uso, kwa sauti ya chini, ndiko tunakokuona ni ukosefu wa heshima.

Kuna namna ya kufanya, na haimvunjii heshima mtu yeyote. Usirekebishe. Usimwite kwa sauti kutoka ushorobani, wala usilihifadhi jambo hadi kikao cha asubuhi ukasema mbele ya wote kwamba vyumba vya baadhi yetu ni vichafu. Mfuate alipo, umsalimie inavyostahili, umwombe mwingie pamoja. Kisha sema kitu unachokiona, usimseme mtu: "Bi Mkubwa, kioo hiki cha bafu kimebaki na madoa meupe. Naomba ukipanguse kabla sijawaambia mapokezi kwamba chumba kiko tayari." Simama pale mpaka afanye kwa mkono wake mwenyewe, mshukuru, ondoka. Mara ya kwanza itachukua dakika tano na moyo utakwenda mbio. Vumilia, kwa sababu mtu akirejeshwa hivi kwa kosa lile lile mara mbili au tatu, huanza kulitazama mwenyewe kabla hujafika.

Kosa moja tu halisubiri adabu hizi zote, nalo ni kuchanganya dawa. Ukimwona mtu anamimina jiki juu ya dawa ya choo yenye asidi, mzuie pale pale kwa sauti kubwa, mtoke nje, muache madirisha wazi, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini inayochoma mapafu.

Sasa nizungumzie daftari, kwa kuwa bila daftari utamrejesha mtu asiye na kosa. Kuanzia wiki ya kwanza andika kila kasoro kwa mambo manne: tarehe, chumba, mhudumu, na kasoro yenyewe. Usimwadhibu mtu kwa maandishi hayo, na uwaambie wote mapema kwamba unaandika na kwa nini, wasije wakadhani unapeleleza. Baada ya wiki tatu au nne keti uyasome. Kasoro ikimfuata mtu mmoja popote anapopangwa, huyo anahitaji kufundishwa. Ikiwa katika chumba fulani daima, awe ni nani aliyekisafisha, muite fundi, maana huenda bomba linavuja au mlango haufungi vizuri na mchanga unaingia. Ikiwa kwa watu wote, tafuta kile wanachokosa wote.

Turudi kwenye yale madoa meupe. Hoteli nyingi za pwani ya mashariki hutumia maji ya visima yenye chumvi, na yakikaukia kwenye kioo au bomba huacha alama ambazo kitambaa chenye maji hakiziondoi, bali huziongeza. Binti yule alikuwa akivipangusa vioo hivyo kila siku na kuamini kwamba wenzake ni wavivu. Nilipomshauri aandike, ilionekana kwamba madoa yalikuwa ya wahudumu wote sita, na yalizidi siku mbili za wiki. Siku hizo ndizo vitambaa vilipochelewa kurudi kutoka kwa dobi, na kila mtu alibakiwa na kimoja tu, akaoshea hicho hicho na kukaushia hicho hicho. Dawa yake ilikuwa kila mhudumu kupewa vitambaa viwili vya rangi tofauti, cha maji na cha kukaushia, pamoja na akiba stoo kwa ajili ya siku hizo mbili. Kupata vitambaa hivyo kulitaka aende kwa meneja na daftari lake, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kwa kuwa wahudumu hawakuwa na mlango wa kuombea. Kwa bahati mbaya alikwenda mwishoni mwa Agosti, akiwa ameshachoka na ameshanuniana na nusu ya wenzake.

Mengine nitayataja kwa ufupi, kwa sababu mtayaweza. Katika siku za mwanzo mwulize meneja wako mipaka: je, unaweza kubadilisha zamu, kutoa ruhusa, kuandika onyo? Keti na kila mhudumu peke yake kwa nusu saa, umuulize kinachomchelewesha kazini, na usikilize bila kuahidi. Usiibadilishe ratiba ya zamu kabla hujaijua sababu yake, kwani huenda kuna mama aliyepangiwa asubuhi kwa ajili ya mtoto. Usiingie chumba cha mgeni aliyeondoka kabla ya mhudumu wake, kwa maana bahshishi iliyoachwa mezani ni yake, na ikikosekana siku moja tu hutaaminika tena. Toka katika kundi la simu mnalowasema wakubwa, maana sasa wewe ni mmoja wao.

Najua mtauliza: je, msimamizi asishike kabisa fagio? Ashike, mhudumu akiumwa na vyumba vikalemea. Lakini vyumba hivyo viandikwe kwa jina lako kwenye orodha ya siku, kila mtu avijue, na mwombe mtu mwingine akukagulie. Huko ni kuchukua zamu. Ninachokikataza ni kule kurekebisha kwa siri.

Ukifika mwezi wako wa tatu katika usimamizi, anza kupunguza macho yako. Aliyepita wiki mbili bila kurejeshwa, mkagulie vyumba viwili au vitatu kati ya kumi na viwili vyake, tena umwambie kwamba unampunguzia kwa sababu ya kazi yake. Mgeni wa kazi aendelee kukaguliwa vyote. Kasoro zikirudi, rudi kwenye ukaguzi kamili kwa wiki moja bila kugomba. Kisha chukua siku yako ya mapumziko katikati ya wiki, uzime simu, na kesho yake uwaulize mapokezi ni vyumba vingapi vilikuwa tayari kufikia saa nane. Vikiwa pungufu, usikasirike. Uliza ni kwa kitu gani walikusubiri, ukiandike daftarini, na hicho ndicho cha kuwafundisha wiki inayofuata.

Na nyinyi mameneja mnaoisoma barua hii, hamjasalimika. Mnapompandisha mhudumu, mpunguzieni vyumba vyake siku ile ile. Nimeona hoteli zinazomwachia msimamizi mpya vyumba sita vya kusafisha juu ya ukaguzi wa watu wote, kisha zinashangaa kwamba hakagui. Mwekeeni kikao cha nusu saa kila wiki kwa miezi hiyo mitatu, na muanze kwa kulifungua daftari lake kabla ya malalamiko ya wageni.

Wasalaam,
Mzee wenu, mstaafu wa usafi wa vyumba, Unguja